"Ku" moja katika kichwa cha video ya wapangaji

"Nina video ya dakika nane kuhusu notisi ya kuhama, kwa wapangaji wa huku Kigoma. Niipe kichwa na maelezo gani YouTube, watu waipate lakini wasidhani nawapa ushauri wa kisheria?"

Wanaotaka kichwa kikali wana hoja. Mpangaji wa Mwanga, hapo Kigoma, aliyelipa kodi ya miezi sita, kisha akaambiwa ahame wiki hii, hatafuti "elimu ya makazi". Anaandika "mwenye nyumba ananitoa". Ukiifunika mada kwa maneno ya semina, video haimfikii.

Lakini tazama hiki: "Mwenye nyumba hawezi kukutoa bila notisi". Ile "ku" iliyo mbele ya "toa" inamshika mtazamaji mmoja na kumwamulia kesi yake, ilhali mkataba wake hujauona. Huenda muda umekwisha, huenda anadaiwa. Akigoma kuhama kwa kutegemea kichwa chako, onyo lililo chini ya maelezo halitamsaidia, maana hakulifungua.

Mimi ningeitoa "ku" na kubakiza "notisi", "nyumba" na "kupanga":

```
Notisi ya kuhama nyumba ya kupanga: sheria ya Tanzania inasemaje
```

Ni herufi 64 pamoja na nafasi. YouTube inaruhusu 100, ila kwenye simu mkia wa kichwa kirefu hukatwa, kwa hiyo mada imekaa mwanzoni. "Tanzania" usiiondoe: Mkenya naye hutafuta kwa Kiswahili, na sheria zake za upangaji ni nyingine.

Kwenye maelezo, mistari ya mwanzo tu ndiyo huonekana kabla mtu hajabonyeza. Kuijaza onyo tupu ni hasara, kuliacha onyo mwishoni ni kulificha. Unganisha mada na onyo:

```
Mwenye nyumba anataka mpangaji ahame: video hii inaeleza notisi
kwa ujumla. Haiamui kesi ya mtu; mkataba wako unaweza kubadili jibu.
```

Maneno ya mtafutaji yamo, na mpaka umo. Chini yake taja Sheria ya Ardhi, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ambako mgogoro hupelekwa, na mwezi na mwaka ulioandaa video. Tarehe ina uzito kuliko wengi wanavyodhani: Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ilifutwa nchini mwaka 2005, na maelezo yaliyojengwa juu yake yanampotosha mtu hata yakisomwa kwa nia njema.

Vitambulisho vya video, yaani "tags", havistahili kukusumbua. YouTube yenyewe inasema mchango wa vitambulisho hivyo katika kupatikana kwa video ni mdogo. Ila usiandike "msaada wa kisheria" humo wala kwenye picha ya mbele. Huduma hiyo ina sheria yake ya mwaka 2017, na watoaji wake husajiliwa. Kama hujasajiliwa, "haki za mpangaji" inatosha.