Pampu inayojirekebisha, na mlo uliosahaulika

“Kama pampu inaongeza na kupunguza insulini yenyewe kila dakika tano, kwa nini bado natakiwa kuiambia kwamba nakula? Na nikisahau, si itarekebisha tu?”

Itarekebisha, lakini kwa kijiko, wakati mlo umekujia kwa ndoo. Kuliona hilo vizuri tuanze na usiku, maana hapo ndipo mashine hizi za wenye kisukari zinapofanya kazi yake nzuri kuliko zote.

Mifumo hii huitwa ya mseto wa mzunguko funge. Sensa iliyobandikwa kwenye ngozi hupima sukari kila dakika tano na kuipelekea pampu, na algoriti, yaani programu ya hesabu inayoiongoza pampu, huamua itoe insulini kiasi gani mpaka kipimo kinachofuata. Inayorekebishwa hasa ni insulini ya msingi, yaani ile midogo midogo inayotiririka saa zote kuidhibiti sukari ambayo ini linaitoa hata ukiwa umelala na njaa. Algoriti haiangalii tu sukari iko wapi sasa. Hutazama inakoelekea, inapanda au kushuka kwa kasi gani, na ni insulini kiasi gani iliyoshatolewa ambayo bado haijafanya kazi. Control-IQ, mmoja wa mifumo hiyo, hukadiria sukari itakuwa wapi baada ya dakika 30. Ikiona itashuka hupunguza insulini ya msingi au kuisimamisha kabisa. Ikiona itapanda huiongeza, na ikibidi hutoa pia dozi ndogo ya kusahihisha.

Usiku hakuna chakula wala mbio, na mabadiliko huja polepole, kwa hiyo marekebisho madogo yanatosha. Katika jaribio la Control-IQ lililochapishwa mwaka 2019, watu waliowekewa mfumo huo walitoka asilimia 61 ya muda sukari ikiwa kati ya milimoli 3.9 na 10 kwa lita, wakafika asilimia 71 katika miezi sita. Wenzao waliotumia sensa na pampu za kawaida walibaki palepale, asilimia 59. Pointi kumi ni zaidi ya saa mbili kila siku. Kwa mtu aliyezoea kuamshwa na kengele saa tisa usiku, hilo si jambo dogo, nami simlaumu anayeliona kama muujiza.

Sasa njoo mezani. Chukua mtu ambaye insulini yake ya msingi ni uniti 0.8 kwa saa. Uniti moja humtosha kwa gramu 10 za wanga, na uniti moja humshushia sukari kwa milimoli 2.8. Anakula gramu 70 za wanga, kwa hiyo anahitaji uniti 7. Sukari yake kabla ya kula ni 6.5. Maongezi yamenoga, amesahau kuiambia pampu.

Dakika ishirini za kwanza algoriti haina cha kuona. Sensa haisomi damu yenyewe bali majimaji yaliyo kati ya seli, na hayo huchelewa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Sukari inapoanza kupanda, tuseme pampu inaongeza insulini ya msingi mara tatu, hadi uniti 2.4 kwa saa. Ukisikia “mara tatu” utadhani ni nyingi. Lakini katika dakika 40 zilizobaki kufikia saa moja, nyongeza hiyo ni uniti moja tu na chenji. Mlo ulihitaji saba. Na hiyo moja yenyewe bado haijafika kilele, kwa sababu insulini ya haraka ikipita chini ya ngozi huchukua takribani saa moja hadi moja na nusu kufanya kazi kwa nguvu zake zote.

Kwa nini basi isifunguliwe zaidi? Kwa sababu watengenezaji wameiwekea kikomo, na kwa maoni yangu wamefanya vyema. Algoriti haijui kama sukari inapanda kwa sababu ya wali, ya homa au ya sensa inayodanganya. Ikimimina uniti saba kwa kubahatisha na ikawa imekosea, haina njia ya kuzirudisha.

Hapo ndipo penye kiini cha swali. Mashine hii inaweza kuongeza, lakini haiwezi kuondoa. Kikomo chake cha chini ni sifuri. Kwa mtu wetu, hata ikisimamisha kila kitu, inachozuia ni uniti 0.8 kwa saa, basi.

Tuendelee naye. Saa moja baada ya kula anatazama skrini: 14. Anashtuka, anakumbuka, anaandika gramu 70 zote kama vile ndiyo kwanza anakaa kula. Kikokotoo kinampa uniti 7 za chakula. Kisha kinaona 14, lengo likiwa 6, kinahesabu uniti 2.9 za kusahihisha, kinatoa 0.9 iliyomo mwilini, zinabaki 2. Jumla 9, na ile moja iliyokwisha kutolewa, 10.

Alihitaji 7. Kosa limetoka wapi, na kila hatua ya hesabu ilikuwa sahihi? Ile 14 *ndiyo* chakula. Sehemu kubwa ya gramu 70 imeshaingia kwenye damu na imeshahesabiwa kama sukari ya kusahihisha. Kuiandika tena kama chakula ni kuilipia mara mbili. Na pampu nyingi hazipunguzi insulini iliyomo mwilini kwenye fungu la chakula, hupunguza kwenye fungu la kusahihisha tu.

Uniti 3 za ziada kwa mtu huyu ni mporomoko wa takribani milimoli 8 chini ya lengo, yaani anaelekea kuzirai. Algoriti itaona, itafunga bomba. Lakini kwa kuzuia 0.8 kwa saa itahitaji karibu saa nne kufidia uniti 3, wakati sukari inaanguka ndani ya saa mbili. Atakayemwokoa ni juisi.

Ndiyo maana wakufunzi wengi wa pampu hufundisha hivi: ukichelewa kati ya nusu saa na saa moja, andika nusu ya wanga, ikishapita saa, usiandike chakula kabisa, toa dozi ya kusahihisha peke yake. Ijaribu kwa namba zetu. Gramu 35 ni uniti 3.5, ongeza 2 za kusahihisha na ile moja ya mwanzo, unapata 6.5. Karibu kabisa na saba. Ukichagua kusahihisha tu unabaki na 3, sukari itakaa juu jioni nzima huku algoriti ikiitafuna polepole. Haipendezi, ila hutaamkia kwenye dripu.

Upande wa pili una hoja, na nisiifiche. Wapo wanaosema kwamba kumtaka mtu apime wanga kila mlo, maisha yake yote, ni mzigo unaowafanya wengine waache kuandika kabisa, na kwamba mashine za leo zina uwezo wa kufidia makadirio mabaya. Wana ushahidi. Utafiti mmoja wa mwaka 2023 uliwagawa vijana wanaotumia mfumo mwingine wa aina hii, MiniMed 780G: wengine walihesabu wanga kwa gramu, wengine walichagua tu makadirio ya kudumu waliyopangiwa kulingana na ukubwa wa mlo. Waliohesabu walipata takribani asilimia 80 ya muda kwenye kiwango, waliokadiria takribani 73. Tofauti ipo, lakini hata hiyo 73 inavuka asilimia 70 ambayo ndiyo lengo la kawaida. Pampu ya iLet, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, imekwenda mbali zaidi: haikubali gramu hata ukitaka, unaiambia tu kama mlo ni wa kawaida, mdogo au mkubwa.

Mimi nawakubalia nusu. Gramu kamili zinaweza kulegezwa. Ukiandika 60 mlo ukiwa 70, pengo la uniti moja ni saizi ambayo insulini ya msingi inaweza kuiziba. Lakini angalia: katika mifano yote miwili watu *walitangaza* mlo, na walitangaza kabla ya kula. Kinacholegea ni usahihi, si taarifa. Nikilazimishwa kuchagua, afadhali mgonjwa anayekadiria ovyo dakika kumi kabla ya kijiko cha kwanza kuliko anayepima kwa mizani na kuandika akinawa mikono baada ya kula.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hakuna algoriti inayoliona, nalo linanitisha kuliko mlo uliosahaulika: kupinda kwa kanula, kile kimrija kinachopitisha insulini chini ya ngozi. Pampu inajua ilichosukuma, haijui kilichofika. Usiku mmoja niliamka nikiwa na 17, kinywa kimekauka, na skrini ikinionyesha kwa utulivu kwamba nina uniti 6 mwilini. Sikuwa nazo. Zilikuwa kwenye plasta, imelowa na inanuka insulini. Algoriti ilikuwa imeona sukari inapanda, ikaongeza, ikaongeza tena, na kila ilichoongeza kikaishia nje ya ngozi. Kwa kuwa mtumiaji wa pampu hana insulini ya muda mrefu ya akiba, ketoni, asidi ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini, huanza kupanda ndani ya saa chache.

Dalili ni hii: sukari imepita 14, dozi ya kusahihisha imetolewa, na baada ya saa moja hadi mbili haijatikisika. Usiiongezee pampu dozi nyingine. Pima ketoni za damu, zikizidi 0.6, dozi ya kusahihisha ipitie kalamu au sindano, kisha badilisha kanula na sehemu yake. Zikifika 1.5 au zaidi, au ukianza kutapika, tafuta hospitali mara moja.

Na ukishajichoma kwa kalamu, kumbuka algoriti haijui. Mbele yake kuna sukari ya juu na kanula mpya inayofanya kazi, basi itaanza kuongeza kwa bidii juu ya uniti ulizojipa kimyakimya, na utarudi kulekule kwa mtu wa gramu 70. Kwa hiyo wengi wetu hutoka kwenye hali ya kujiendesha na kubaki kwenye insulini ya msingi iliyopangwa kwa saa tatu au nne, mpaka ile ya kalamu imalize kazi.