Heshima unayo, taarifa ndo huna

Kila nikikaa na walimu wa vyuo hapa Unguja nasikia malalamiko yaleyale, ati wanafunzi wa siku hizi hawana adabu, wanamuandikia Dokta kama wanamuandikia shoga yao. Mie nasaidia kufundisha semina, meseji nyingi zinapita kwangu kabla hazijafika kwa mwenyewe, na nnakataa kabisa hiyo habari ya adabu. Adabu imejaa mpaka inamwagika. Angalia hii:

"Asalam alkm Dr. Shkamoo. Samahan sana kwa usumbufu, m mwanafunz wako nna shida kdg"

Basi, imeishia hapo. Anasubiri aitikiwe salamu ndo aseme shida, kama alivyofundishwa kwao kwamba mtu haingii kwa mtu akaanza tu kudai. Nyumbani ni sawa kabisa. Ila Dokta ana darasa la watu mia na kitu, na wote ni "mwanafunzi wako", sasa huyu ni nani, somo gani, anataka nini, hakuna anaejua. Dokta anaitikia salamu jioni, mtoto anaiona kesho yake, wakija kufika kwenye shida yenyewe siku ya kuwasilisha ishapita.

Kwa hivo ukitaka kuigeuza meseji kuwa imeli ya maana usianze kuongeza mapambo. Kuna wanaokwenda steshenari kuandikiwa, inarudi "Mheshimiwa Daktari, kwa unyenyekevu mkubwa na taadhima" mistari sita, ombi lenyewe limejificha kwenye mstari wa saba. Hiyo ni meseji ileile, imevaa kanzu tu.

Tuchukue ya kuomba muda, mana ndo nyingi zaidi. Hii nimeibadilisha kidogo isijulikane ya nani:

"Dr nlikua Pemba boti hazijaondoka naomba uniongezee mda ata kdg"

Sababu yake ni ya kweli, sote tunajua upepo ukizidi boti zinasitishwa na huna la kufanya. Tatizo lipo kwenye "ata kidogo". Kidogo ndo siku ngapi? Unamuachia Dokta akupangie yeye, na mtu mwenye kazi nyingi akiachiwa kupanga jambo lisilomuhusu ananyamaza. Tulivyokaa kuiandika upya ikawa hivi:

Kichwa: EC 2104, ombi la kuongezewa muda, asainmenti ya 2

Assalaam alaykum Dokta,

Mimi ni (jina kamili, namba ya usajili), mwaka wa pili. Asainmenti ya 2 inatakiwa kesho Ijumaa saa 10 jioni. Nipo Pemba tangu Jumanne kwa msiba wa bibi yangu, na boti niliyokata tiketi leo imesitishwa kwa sababu ya upepo. Dodoso zangu zimebaki Unguja, kwa hiyo sehemu ya pili siwezi kuimaliza nikiwa huku.

Naomba kuwasilisha Jumatatu saa 4 asubuhi. Sehemu ya kwanza nimeimaliza, nimeiambatanisha pamoja na tiketi. Ikiwa haiwezekani, nitaomba sehemu hii isahihishwe kama ilivyo.

Ahsante sana.

Salamu imebaki, tena moja tu inatosha. Ila kilichonifurahisha hapo ni ile Jumatatu. Haikuja hivihivi, majibu ya asainmenti ile yalikuwa yanajadiliwa kwenye semina ya Jumanne, na majibu yakishajadiliwa mwalimu hawezi tena kupokea kazi yako hata awe na huruma kiasi gani, mana wenzio watasema umenakili, na watakuwa na haki. Wanafunzi wengi hawalijui hili. Wanadhani Dokta kaamua tu kuwa mgumu, kumbe umeomba siku ambayo yeye mwenyewe haimiliki. Kabla hujaandika tarehe muulize siiaa wenu, yule kiongozi wa darasa, majibu yanatoka lini, halafu omba siku iliyo kabla ya hapo.

Na sentensi ya mwisho ile iacheni jamani, msiifute. Inampa mwalimu njia ya kukataa bila kukuangusha, na wewe unabaki na alama za nusu ya kazi badala ya sifuri.

Halafu iende kabla ya saa ya mwisho. Ombi la Alhamisi ni ombi, la Jumamosi linakuwa utetezi, na utetezi unatakiwa ushahidi mara mbili yake. Ile ya "umeme ulikatika" ndo inachosha zaidi. Sio kwamba hatuamini, sisi tuliokaa gizani miezi mitatu kisiwa kizima kuanzia Disemba 2009 hatuna haja ya kuelezwa umeme, ila umeme uliokatika usiku wa mwisho unatueleza zaidi kwamba kazi ilianzwa usiku wa mwisho.

Upande wa ugonjwa na mambo ya ndani wala usijieleze sana. Nshasoma imeli ya binti kaeleza maradhi yake mpaka mimi nikaona haya kuendelea. "Niliugua, cheti cha hospitali nimeambatanisha" inatosha, na kama ni jambo la kifamilia zito mno nenda kwa mshauri wa wanafunzi akuandikie yeye, stara yako ibaki.

Sasa alama. Hapa mie mkali kidogo. "Dr naomba uniangalie kwenye kozi weki yangu, nisije nikasapu, nipo tayari kwa lolote" isitumwe kamwe, wallahi. Hata kama wewe huna nia mbaya, hiyo "lolote" mwalimu mwema inamtisha na mwalimu mbaya inamkaribisha. Na umaskini wa nyumbani usiuweke humo, hauwezi kuingizwa kwenye hesabu.

Alama haziombwi kuongezwa, zinaombwa kuhakikiwa, na huwezi kuomba uhakiki kama hujapiga hesabu mwenyewe. Kuna mmoja alikuja analia kozi weki ndogo, 20 kwa 40. Nikamwambia lete karatasi zako. Testi ya kwanza 9 kwa 15, ya pili 11 kwa 15, hiyo ni 20 tayari. Asainmenti ya kundi ya alama 10 iko wapi? Wenzake walipata 7. Kumbe aliyeichapa kazi ya kundi kasahau kuandika namba yake ya usajili kwenye jalada, kwa hivo aliyejaza alama hakumuona.

Imeli yake ikawa fupi kuliko meseji zake zote: "Kozi weki yangu ya EC 2104 imeonyeshwa 20. Testi ya kwanza nilipata 9, ya pili 11. Alama ya asainmenti ya kundi la 6 (wenzangu 7) naona haijaingizwa kwangu, huenda kwa sababu namba yangu haipo kwenye jalada. Naomba ihakikiwe. Picha za testi na jalada nimeambatanisha, na wenzangu wa kundi nimewaweka kwenye nakala wathibitishe." Hakuna kulia, hakuna kumtuhumu mtu. Dokta anafungua jalada moja, anauliza watu wanne, kamaliza.

Ila aliituma ndani ya zile siku ambazo kozi weki imebandikwa na mtihani bado. Akingoja mpaka matokeo yapite kwenye vikao vya chuo, Dokta peke yake hana mamlaka tena ya kugusa ile namba, inakuwa rufaa, fomu na vyuo vingi ada pia. Yeye ilichukua siku mbili, akaingia kwenye mtihani na 27.