Rambirambi ya mbwa iandikwe, tena iwe fupi

Mpwa wangu alisema barazani, hapa Mikindani, kwamba anataka kumwandikia pole kwa Kiingereza rafiki yake, mwalimu wa kigeni aliyewahi kuishi mtaani kwetu kisha akarudi kwao. Mbwa wake, Kahawa, amekufa. Baraza zima likacheka. "Watu wanakufa, nyie mnalilia mbwa!" Niliudhika, na bado nimeudhika. Haya, mbwa hawekewi matanga, nakubali, na hakuna aliyeomba turubai. Lakini anayeandikiwa ni mtu, na mtu huyo ana uchungu.

Rasimu ya kwanza ya binti ilijaa ukurasa. Ilianza na "kwa niaba ya familia nzima tumepokea kwa mshtuko mkubwa", ikaishia na "kazi ya Mungu haina makosa". Yakigeuzwa Kiingereza, ya mwanzo yanasomeka kama tangazo la ofisi, na hilo la mwisho, kwa asiyelizoea, linaweza kumfika kama anakatazwa kulia.

Nikamwuliza, wewe Kahawa unamkumbuka wapi?

"Mjomba, si pale ufukweni maji yakitoka? Alikuwa anafukuza kaa, wakizama shimoni anabweka juu ya tundu mpaka mwalimu amwite."

Nikamwambia aandike hilo hilo. Salamu za jumla mwalimu atazipata nyingi, zote zikifanana. Majirani zake wa sasa walimjua Kahawa mzee, anayelala mlangoni. Hakuna hata mmoja aliyemwona akiwa kijana, miguu imejaa matope ya Mikindani. Binti alimwona. Kumbukumbu hiyo mwalimu hawezi kuipata kwa mtu mwingine, na inamwonyesha kwamba mbwa wake alipendwa na macho mengine pia. Hata Kiingereza kikiyumba kidogo, wale kaa watafika.

Barua ikabaki na sentensi nne. Nimesikia habari za Kahawa, nimesikitika sana. Bado namwona ufukweni akibwekea mashimo ya kaa. Ulimtunza vizuri miaka yote, naye alikupenda. Usijisumbue kujibu, nakukumbuka tu.

Jina la mbwa lazima liwemo, na kama ni dume atajwe kama dume, maana Kiingereza kina namna ya kumtaja mnyama kama kitu, na mwenye mbwa huiona mara moja. "Utapata mwingine" isiandikwe kabisa.

Na usiulize alikufaje. Kahawa alikuwa mzee na mgonjwa, daktari wa mifugo akamchoma sindano ya kumpumzisha kwa ridhaa ya mwalimu mwenyewe. Anayetoa ridhaa hiyo mara nyingi hubaki akijiuliza kama aliharakisha au alichelewa. Swali lako, hata la nia njema, linamrudisha pale pale. Ndiyo maana sentensi ya tatu inataja matunzo ya miaka yote na kuiacha siku ya mwisho.

Binti aliituma jioni ile ile, kwa simu.