Poti 22 sifungui, na mkandarasi anune

Mkandarasi wa mfumo wa mishahara wa taasisi moja ninayoihudumia ametuletea waraka. Nembo ipo, saini ipo, na katikati ya maneno mazito kuhusu viwango vya kimataifa vya usalama kuna ombi hili: tufungue poti 22, ile ya kuingilia seva kwa SSH, kwa `0.0.0.0/0` ili timu yao ya usaidizi iweze kuingia popote ilipo. Viwango vya kimataifa kweli, maana dunia nzima imekaribishwa.

Nikampigia. "Kaka, ni kwa muda tu," akanijibu. "Halafu hatutumii paswedi, tunatumia ufunguo."

Hilo la muda silijibu. Kila aliyewahi kukagua kanuni za makundi ya usalama kwenye AWS ameshakutana na maelezo ya "temp" yaliyoandikwa na mtu aliyeacha kazi zamani. Lakini hili la ufunguo nalijibu, kwa sababu watu wenye akili timamu wanalirudia kama dua.

Ufunguo unamzuia asiye na ufunguo asiingie kama mtumiaji. Haumzuii kuzungumza na programu ya `sshd` kabla hajaulizwa ni nani, na ubovu ukiwa hapo, ufunguo wako haujaingia hata mchezoni. Tarehe 1 Julai 2024 kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro ya namna hiyo hiyo, CVE-2024-6387, wakaiita regreSSHion. Mtu anafungua muunganisho, hathibitishi chochote, anasubiri muda wa `LoginGraceTime` uishe, na akibahatisha wakati anapata kuendesha amri kama root. Haya, nakubali: ilihitaji majaribio kama elfu kumi kwa wastani, na walichoonyesha kilikuwa kwenye mashine za biti 32. Lakini seva iliyofunguliwa kwa dunia nzima inagongwa usiku na mchana na watu ambao muda si tatizo lao. Isiyo na poti ya nje ilisubiri masahihisho yake kwa utulivu.

"Basi ifungulie IP ya ofisi yetu tu." Nalo hili ningelikubali kama wangekuwa na IP. Vijana wao wanafanya kazi nyumbani, kwenye vifurushi vya simu, ambako anwani moja ya nje inagawiwa wateja wengi na kesho asubuhi imebadilika. Nimeona inavyoishia: IP moja inaongezwa, kisha ya pili, kisha nusu ya mtandao wa kampuni ya simu, halafu siku ya mishahara mtu aliyechoka anaandika sifuri nne na kwenda kulala.

Tena ombi lenyewe lina kichekesho ambacho mkandarasi hakukiona. Seva hizo ziko kwenye subneti binafsi na hazina IP ya nje kabisa. Hata ningeongeza kanuni yake, isingefanya kitu. Ili imfae ningelazimika kuzihamishia subneti yenye njia ya kwenda Internet Gateway na kuzipa anwani za nje. Yaani alichoomba kwa mstari mmoja ni kubomoa mpangilio mzima.

Nilichompa badala yake ni Session Manager, ambayo AWS wanayo tangu 2018. Uzuri wake wote uko kwenye mwelekeo wa muunganisho. Ndani ya seva kuna programu ndogo, wakala wa SSM, na yeye ndiye anayetoka nje kwa poti 443 kwenda kwenye huduma ya AWS na kukaa hapo akisubiri. Wewe nawe ukiwa nyumbani unatoka kwa 443 kwenda kwenye huduma hiyo hiyo, na huko katikati mnaunganishwa. Ni kama mtu aliyejifungia ndani anayekupigia simu yeye, badala ya kuacha mlango wazi akitumaini utafika wewe tu. Kundi la usalama la seva halina kanuni hata moja ya kuingia. Orodha tupu. IP yako ibadilike mara mia, haina habari nayo.

Sasa kazi yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapokwama na kukimbilia poti 22 tena. Seva inahitaji vitu vitatu: wakala, ruhusa na njia. Wakala huja tayari kwenye picha rasmi za Amazon Linux 2023 na Ubuntu. Ruhusa ni rola ya IAM yenye sera ya `AmazonSSMManagedInstanceCore`. Njia ndiyo yenye kero, kwa sababu subneti yetu haina NAT Gateway na wakala hana pa kutokea. Tukatengeneza VPC endpoint za `ssm` na `ssmmessages`, pamoja na `ec2messages` kwa ajili ya seva moja yenye wakala wa zamani.

Tukaangalia kama seva zimeonekana:

```
aws ssm describe-instance-information \
  --query "InstanceInformationList[].[InstanceId,PingStatus]"
```

Jibu likawa mabano matupu. Kijana wetu akaharakisha `start-session`, akapata `TargetNotConnected`, akaanza kuniangalia kwa jicho la "si tufungue tu ile poti".

Orodha ikiwa tupu, maana yake wakala hajawahi kujisajili, na sababu karibu kila mara ni ruhusa au njia. Rola ilikuwepo, basi tukaifuata njia. Endpoint hizo nazo zina kundi lao la usalama, na tulikuwa tumezipachika lile chaguomsingi la VPC, ambalo linawapokea waliomo ndani ya kundi hilo hilo tu. Seva zetu hazimo. Wakala alikuwa anagonga 443 na hakuna anayemwitikia. Tukaweka kundi jipya linaloruhusu 443 kutoka `10.20.0.0/16`, yaani VPC yetu yote, na tukahakikisha chaguo la majina ya DNS ya ndani limewashwa. Lisipowashwa, seva ikiuliza jina la huduma inapewa anwani za nje, na huko nje haiwezi kwenda.

Seva moja ikaonekana `Online`. Ya pili ikabaki kimya. Hiyo ilikuwa imewashwa kabla ya kupewa rola. Wakala akikosa ruhusa kwa muda hujilaza, akawa anajaribu kwa kuachia nafasi ndefu. Tungesubiri angeamka, lakini tuliiwasha upya kutoka kwenye konsoli, ikajitokeza.

Na tafadhali, kama poti 22 yako iko wazi leo na unataka kuhamia huku, usiifunge mpaka uone `Online` na uingie kweli kwa njia mpya. Logi ya wakala iko `/var/log/amazon/ssm/`, ndani ya seva. Ukijifungia nje mapema utabaki kujua maelezo yalipo bila ya kuweza kuyasoma.

Mkandarasi alikuwa na hoja moja ya maana, nampa haki yake: wao hawataki kuingia kwenye seva tu, wanataka hifadhidata kwa programu zao za mezani. Hilo nalo halihitaji poti ya nje. Unapitisha njia ndani ya kikao:

```
aws ssm start-session --target i-0a1b2c3d4e5f67890 \
  --document-name AWS-StartPortForwardingSessionToRemoteHost \
  --parameters '{"host":["db.mishahara.internal"],"portNumber":["5432"],"localPortNumber":["15432"]}'
```

Kisha programu inaelekezwa `localhost`, poti 15432. Ukiwa unakagua cheti kwa `verify-full` itakataa, kwani cheti kina jina la hifadhidata na wewe umeita `localhost`. Usizime ukaguzi, jamani. Kwenye `psql` andika `host` ikiwa jina halisi na `hostaddr=127.0.0.1`, itaunganishwa huku na kukagua jina lile.

Wapenzi wa bastioni, ile mashine moja ya nje mnayopitia kwenda kwenye seva nyingine, najua mmeshaanza kununa. Sawa. Kama seva zako ziko kwa mtoa huduma wa bei nafuu asiye na kitu kama hiki, bastioni ni bora kuliko kuziacha zote uchi: mashine moja ya kulinda na kusasisha badala ya ishirini. Lakini bado ni `sshd` iliyotazama intaneti, na yale ya Julai 2024 yanaihusu vilevile. Na mkiitumia, piteni kwa `ssh -J`, sio kwa `ssh -A`. Kwa `-J` bastioni inapitisha tu mkondo uliofumbwa, ufunguo unafanya kazi kwenye laptopu yako. Kwa `-A` unaacha soketi ya wakala wako wa funguo kwenye mashine ile, na yeyote mwenye root hapo anaweza kujitambulisha kwa jina lako kwenye seva nyingine zote maadamu umeunganishwa. Hata tovuti za mafunzo bado zinafundisha `-A`. Inakera.

Ila nisije nikaonekana nauza bidhaa. Session Manager inahamisha hatari, haifuti. Mlango sasa ni IAM. Anayeingia kwa mipangilio ya kawaida anakuwa `ssm-user`, na `ssm-user` ana `sudo`. Kwa hiyo ukimpa mtu `ssm:StartSession` juu ya `*`, umempa root ya kila seva uliyonayo, kimyakimya, bila poti hata moja kuonekana wazi kwenye ukaguzi. Mkandarasi wetu amepewa rola inayodai uthibitisho wa pili, na inayogusa tu seva zenye tagi ya mfumo wa mishahara. Siku mkataba ukiisha tunaiondoa rola, hatuanzi kuwinda funguo kwenye mafaili ya `authorized_keys`. Kikao kilichokwisha kufunguliwa usikitegemee kukatika chenyewe kwa hilo. Kikatishe kwa `terminate-session`.

Halafu kuna mkaguzi wa ndani, mzee mmoja makini sana, aliyefurahi kusikia kwamba vikao vinaweza kuandikwa S3 neno kwa neno. Ilibidi nimpunguzie furaha. Kikao cha kawaida cha amri kinaandikwa. Kikao cha kupitisha poti hakiandikwi, wala cha SSH kinachopitia humo. CloudTrail itakuambia nani alikifungua, kwenda seva gani na saa ngapi, basi. Alichouliza hifadhidata humo ndani hakionekani. Kwa mfumo wa mishahara hilo ndilo swali lenyewe, kwa hiyo tumewasha `pgaudit` kwenye PostgreSQL na kila mtu wa mkandarasi ana jina lake la kuingilia. Walitaka jina moja la kutumia wote. Nalo nimekataa.