Wastani Mmoja, Madarasa Matatu: Mkengeuko Sanifu Unamweleza Nini Mwalimu?

Mwalimu anaposahihisha mtihani wa madarasa mawili na kukuta kila darasa lina wastani wa alama 60, ni rahisi aamini kwamba madarasa hayo yako sawa na kwamba mada inayofuata inaweza kufundishwa kwa namna ile ile kotekote. Mkengeuko sanifu ndio kipimo kinachotumika zaidi kuonyesha jinsi alama zilivyotawanyika kuuzunguka wastani huo, na walimu wengi hukutana nacho kikiwa kimeandikwa chini ya orodha ya matokeo bila maelezo yoyote. Katika uchambuzi huu nadai kwamba kipimo hicho kinastahili kuaminiwa katika jambo moja na kutiliwa shaka katika jingine. Kinaeleza vizuri ukubwa wa mtawanyiko, lakini hakielezi umbo lake, ilhali mara nyingi umbo ndilo linaloamua mwalimu afanye nini darasani.

Tuchukue darasa la kwanza lenye wanafunzi kumi waliopata 52, 54, 56, 58, 60, 60, 62, 64, 66 na 68. Jumla yake ni 600, hivyo wastani ni 60. Ili kupata mkengeuko sanifu, kwanza tunatafuta umbali wa kila alama kutoka kwenye wastani: aliyepata 52 yuko nyuma kwa alama 8, aliyepata 54 yuko nyuma kwa 6, na aliyepata 68 yuko mbele kwa 8. Umbali huu hauwezi kujumlishwa ulivyo, kwa sababu walio nyuma na walio mbele watafutana na jibu litakuwa sifuri kwa darasa lolote lile. Kwa hiyo kila umbali unazidishwa kwa wenyewe, jambo linaloondoa alama ya kutoa, kisha majibu yanajumlishwa. Hapa jumla ni 240. Tukiigawa kwa wanafunzi kumi tunapata 24, na kipeuo cha pili cha 24 ni takriban 4.9. Hatua hiyo ya mwisho inaturudisha kwenye kizio tulichoanza nacho, yaani alama za mtihani, na ndiyo maana mwalimu anaweza kusema kwamba wanafunzi wa darasa hili kwa kawaida wako umbali wa alama tano hivi kutoka kwenye wastani wao.

Darasa la pili limefanya mtihani uo huo na kupata 43, 44, 45, 46, 47, 73, 74, 75, 76 na 77. Jumla ni 600 tena, na wastani ni 60 tena. Hata hivyo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliye karibu na 60. Aliye karibu zaidi yuko umbali wa alama 13. Jumla ya miraba ya umbali ni 2270, ambayo ikigawanywa kwa kumi inatoa 227, na mkengeuko sanifu unakuwa takriban 15.1. Ni zaidi ya mara tatu ya darasa la kwanza. Hapa kipimo kimefanya kazi yake bila dosari: kimefichua tofauti kubwa ambayo wastani uliifunika kabisa, na kimefanya hivyo kwa namba moja ambayo mwalimu anaweza kuiandika pembeni ya wastani.

Upande wanaokitetea kipimo hiki wana hoja nyingine yenye uzito, nayo ni kulinganisha alama za mwanafunzi mmoja katika mitihani tofauti. Alama 68 katika darasa la kwanza iko juu ya wastani kwa 8, na 8 ikigawanywa kwa 4.9 ni takriban 1.6, ilhali katika darasa la pili alama hiyo hiyo ingekuwa juu ya wastani kwa kiasi cha 0.5 tu ya mkengeuko sanifu. Kwa hiyo 68 ni alama ya kujitokeza katika kundi moja na ya kawaida katika jingine, hata kama wastani wa makundi yote mawili ni ule ule. Mwalimu anayejumlisha alama za masomo mawili bila kuangalia jambo hili anaweza kuliacha somo lenye mtawanyiko mkubwa liamue peke yake nafasi za wanafunzi darasani, bila yeye kukusudia.

Shida inaanza tunapoleta darasa la tatu. Wanafunzi wake wamepata 15, 61, 63, 63, 64, 65, 66, 67, 67 na 69. Jumla ni 600 kwa mara nyingine, wastani ni 60, jumla ya miraba ni 2300, na mkengeuko sanifu ni takriban 15.2. Mwalimu aliyepewa namba hizi mbili tu, wastani na mkengeuko, angeapa kwamba darasa la pili na la tatu ni mapacha. Ukweli ni kwamba hayafanani hata kidogo. Darasa la pili limegawanyika katika makundi mawili ambayo huenda yanahitaji mafundisho tofauti. La tatu lina wanafunzi tisa wanaokwenda pamoja na mmoja aliyeachwa mbali sana, ambaye pengine alikuwa mgonjwa siku ya mtihani au aliruka ukurasa mzima wa maswali. Ukimtoa mwanafunzi huyo katika hesabu, wastani wa tisa waliobaki unapanda hadi 65 na mkengeuko sanifu unaanguka hadi takriban 2.4, yaani darasa lililoonekana kutawanyika kuliko yote linageuka kuwa lililoshikamana kuliko yote.

Chanzo cha hali hii kiko katika ile hatua ya kuzidisha umbali kwa wenyewe. Umbali wa 5 unakuwa 25, lakini umbali wa 45 unakuwa 2025. Kati ya jumla ya 2300 katika darasa la tatu, mwanafunzi mmoja peke yake amechangia 2025, karibu asilimia 88. Wapo wanaosema kwamba hiyo ndiyo sifa ya kipimo, kwa kuwa mwanafunzi aliyeachwa mbali namna hiyo anastahili kuonekana. Nakubaliana nao nusu. Anastahili kuonekana, lakini anastahili kuonekana kama mwanafunzi mmoja, na mkengeuko sanifu unaigawa hali yake kwa darasa zima hadi wenzake tisa wanaonekana kama wametawanyika pia. Mwalimu anayetaka kipimo kisichotikiswa kiasi hicho anaweza kuuchukua ule umbali bila kujali alama ya kutoa na kutafuta wastani wake wa kawaida: darasa la pili litapata 15, na la tatu litapata 9. Tofauti iliyofichika inaonekana, ingawa kipimo hicho nacho hakisemi umbo.

Kosa linalohusiana na hili ni ile kanuni ambayo wengi huikariri, kwamba takriban asilimia 68 ya wanafunzi huwa ndani ya mkengeuko sanifu mmoja kutoka kwenye wastani, na asilimia 95 huwa ndani ya miwili. Kanuni hiyo ni ya mtawanyiko wenye umbo la kengele, ambamo alama nyingi ziko katikati na hupungua taratibu kila upande. Katika darasa la pili, walio kati ya 44.9 na 75.1 ni sita kati ya kumi, na wote wamejibana kwenye kingo za eneo hilo. Katika darasa la tatu ni tisa kati ya kumi. Lililo hakika kwa umbo lolote ni dogo zaidi: angalau robo tatu ya alama zote huwa ndani ya mikengeuko miwili. Darasa la wanafunzi thelathini au arobaini mara nyingi halina umbo la kengele, na mwalimu hana sababu ya kulilazimisha liwe nalo.

Kuna jambo dogo la kiufundi ambalo huwachanganya walimu wanaotumia lahajedwali. Programu hizo zina fomula mbili zinazokaribiana majina:

```
=STDEV.P(B2:B11)
=STDEV.S(B2:B11)
```

Ya kwanza inagawa kwa idadi ya wanafunzi, kama tulivyofanya hapa, na ya pili inagawa kwa idadi hiyo ikipunguzwa moja. Kwa darasa la pili, ya kwanza inatoa 15.1 na ya pili 15.9. Mwalimu anayeeleza matokeo ya darasa lake zima anahitaji ile ya kwanza, kwa sababu hakisii hali ya watu wengine ambao hakuwapima. Kwa wanafunzi arobaini tofauti ni ndogo mno kuleta ubishi. Kinachodhuru ni kutumia moja muhula huu na nyingine muhula ujao.

Tahadhari nyingine inahusu mtihani wenyewe. Alama haziwezi kuzidi 100, na kwa hiyo mtihani mwepesi huwabana wanafunzi wote juu. Wastani ukiwa 92, mkengeuko sanifu mdogo hauthibitishi kwamba wanafunzi wanalingana kwa uelewa, kwa kuwa huenda mtihani haukuwa na maswali ya kuwatofautisha walio bora. Vivyo hivyo mkengeuko wa 6 katika jaribio la alama 50 ni sawa na wa 12 katika mtihani wa alama 100, na kuviweka viwili hivyo katika safu moja bila kubadilisha kizio ni kupotosha. Kumwongezea kila mwanafunzi alama tano, kwa upande mwingine, hakubadilishi mkengeuko hata kidogo, maana wote wamesogea pamoja na umbali baina yao umebaki pale pale.

Kwa maoni yangu, basi, mkengeuko sanifu uandikwe kila mara, lakini usisomwe peke yake. Orodha ya alama iliyopangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, au mchoro wa nguzo unaoonyesha wanafunzi wangapi wako katika kila kundi la alama kumi, huchukua dakika chache na huonyesha papo hapo iwapo mkengeuko mkubwa umetokana na makundi mawili au na mtu mmoja.

Hata kushuka kwa mkengeuko kutoka mtihani mmoja hadi mwingine kunahitaji kusomwa hivyo. Tuseme darasa la pili limefundishwa upya na kupimwa tena kwa mtihani wa uzito ule ule, na wale watano wa chini wamepanda kwa alama 12 kila mmoja huku wa juu wakibaki walipokuwa. Mkengeuko sanifu utashuka kutoka 15.1 hadi takriban 9.1. Sasa tuseme kinyume chake, kwamba wa chini wamebaki walipokuwa na watano wa juu wameporomoka kwa alama 12. Mkengeuko utakuwa 9.1 vilevile. Kinachotenganisha mafanikio na hasara hapo ni wastani, ambao katika hali ya kwanza ni 66 na katika ya pili ni 54.