Uzani wa umri na jinsia si kupika matokeo

"Mliongea na watu 400, kisha mama mmoja wa Nyakach, Kisumu, mkamhesabu kama karibu wawili. Huko si kupika matokeo?"

Anayeuliza hivyo anaamini kwamba matokeo ghafi hayana uzani, yaani namba inayosema jibu la kila mtu lihesabiwe mara ngapi. Yanao: kila mhojiwa amepewa 1, hata kama kundi lake limejaa kupita kiasi kwenye sampuli. Katika utafiti wa simu hilo hutokea bila mtu yeyote kukusudia. Kijana wa boda boda anayesubiri abiria Kondele hupokea hata nambari asiyoijua. Mama wa miaka 55 yuko shambani na simu ameiacha nyumbani, au laini yenyewe anayo mwanawe. Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu wanawake 594,609 kati ya wakazi 1,155,574 wa Kaunti ya Kisumu, yaani zaidi ya nusu. Sampuli yenye wanaume wengi kuliko wanawake tayari imeipotosha kaunti kabla ya swali la kwanza kujibiwa.

Tufanye hesabu kwa tarakimu nilizozitunga kwa ajili ya mfano. Swali ni kama mtu amekopa kwa simu mwezi uliopita. Kati ya wahojiwa 400, wanaume wa miaka 18 hadi 34 ni 160, wanawake wa umri huo 100, wanaume wa miaka 35 na zaidi 90, na wanawake wa umri huo 50. Waliokopa ni asilimia 60, 50, 40 na 20 kwa mpangilio huohuo. Ukijumlisha bila kusawazisha unapata asilimia 48.

Sasa tuseme jedwali la sensa linaonyesha makundi hayo kuwa asilimia 28, 30, 19 na 23 ya watu wazima. Uzani ni sehemu ya kundi katika sensa ikigawanywa kwa sehemu yake katika sampuli. Vijana wa kiume ni asilimia 40 ya sampuli, kwa hiyo 28 kwa 40 ni 0.70. Kina mama wakubwa ni 12.5, kwa hiyo 23 kwa 12.5 ni 1.84. Matokeo yanashuka hadi asilimia 44. Hakuna jibu la mtu lililoguswa. Kilichobadilika ni ukubwa wa kila kundi ndani ya jumla, na ukubwa huo umetoka kwenye jedwali ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua na kuirudia hesabu. Anayepika matokeo haachi njia ya kumkagua.

Hizo pointi 4 zinastahili kutazamwa vizuri. Wenye shaka huziona kama ushahidi wa uchakachuaji, ilhali zinapima kiasi ambacho vijana waliopokea simu walikuwa wakiwasemea mama zao.

Kusawazisha kuna gharama, na hapa wapinzani wana hoja. Kanuni ya mtakwimu Leslie Kish, inayopima nguvu inayobaki kwenye sampuli, hugawa mraba wa jumla ya uzani kwa jumla ya miraba yake. Katika mfano wetu inatoa 351. Watu 400 sasa wana nguvu ya watu 351, na kiwango cha makosa kinapanda kutoka takriban pointi 4.9 hadi 5.2 juu au chini. Hiyo ni bei ndogo. Ila ukikatakata makundi hadi wanawake wa miaka 70 na zaidi wawe watatu tu, kila mmoja akibeba uzani wa 8, jibu la mmoja linaweza kuyumbisha jumla. Hapo unayaunganisha makundi ya jirani.

Hoja yao nzito zaidi ni nyingine. Uzani hudhani kwamba kina mama 50 waliopokea simu wanafanana na wasiopokea. Tuseme nusu ya kina mama wa kundi hilo hawana simu kabisa, na hivyo hawajakopa. Kiwango halisi cha kundi ni asilimia 10, si 20, na jumla ya kweli ni asilimia 41.7. Uzani haukufika hapo. Lakini ulitutoa 48 hadi 44, zaidi ya nusu ya safari, na anayeukataa anabaki na 48.

Pengo lililosalia hutafutwa kwa swali ambalo jibu lake liko kwenye sensa na halikutumika kutengeneza uzani, kwa mfano kama nyumba ina umeme. Ikiwa baada ya kusawazisha bado wenye umeme wamezidi sana, umri na jinsia havikutosha, na inabidi kuongeza elimu au makazi ya mjini na kijijini, au kutuma wahoji hadi Nyakach kwa miguu. Na jedwali la kulinganishia liwe la watu wazima: ile hesabu ya wanawake 594,609 ina watoto ndani yake, na anayeitumia moja kwa moja kwa sampuli ya watu wazima anakosea hata kama uzani wake unajumlisha 400 kamili.