Si kila bango la Kikirili ni la Urusi

Picha ya mtaa mmoja imezunguka mitandaoni ikiwa na maelezo kwamba ni mji wa Urusi, na watu wamebishana kuhusu Urusi mpaka usiku bila hata mmoja kusoma kibao kilichobandikwa kwenye pembe ya jengo. Kibao hicho kilianza na neno вулиця, yaani mtaa, na neno hilo peke yake lingetosha kumaliza ubishi: picha ilikuwa ya Ukraini. Jambo hili linaniudhi kwa sababu kutenganisha lugha zinazoandikwa kwa Kikirili, yaani alfabeti ya Urusi na ya nchi nyingine kadhaa, hakuhitaji mtu ajue kuzizungumza. Kunahitaji atazame herufi.

Warusi huandika улица, Waukraini вулиця, na Wabelarusi вуліца. Herufi в mwanzoni inamwondoa Mrusi mara moja, lakini hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu wamesikia kwamba herufi і, ile inayofanana na i yetu, ni alama ya Ukraini. Tazama tena maneno hayo matatu. Neno lenye і ni la Kibelarusi, ilhali la Kiukraini lina и. Anayeshika kanuni ya herufi moja tu atapeleka Minsk, mji mkuu wa Belarusi, kibao cha Kyiv, mji mkuu wa Ukraini, na cha Minsk atakipeleka Kyiv.

Kanuni inayofaa ni ya herufi tatu zikitazamwa pamoja: и, і na ы. Kirusi kina и na ы, lakini і kiliiacha katika mageuzi ya tahajia ya 1918. Kiukraini kina и na і, wala hakina ы kabisa. Kibelarusi kina і na ы, na и hakiitumii popote. Kwa hiyo ukipata maandishi yenye maneno kumi au zaidi, karibu kila mara utaona jozi moja kati ya hizo. Baada ya hapo tafuta uthibitisho: ї yenye nukta mbili, kama katika Київ, ni ya Kiukraini, na ў yenye kijikombe juu yake ni ya Kibelarusi.

Kuna herufi nyingine ya Kiukraini, ґ, ambayo haionekani mara nyingi, lakini naitaja kwa makusudi. Inasomwa kama g yetu, wakati г ya kawaida ya Kiukraini inakaribia h. Utawala wa Kisovieti uliiondoa katika tahajia ya 1933, katika juhudi za kuisogeza lugha hiyo karibu na Kirusi, na haikurudishwa katika alfabeti mpaka 1990. Watu walionyang'anywa herufi kwa zaidi ya miaka 50 wana haki ya kuchukizwa maandishi yao yanapoitwa Kirusi. Hata hapa kwetu, mtu aliyesomea Kharkiv, mji wa Ukraini, bado tunasema alisoma Urusi.

Kwa Balkani kazi ni nyepesi zaidi. Serbia na Masedonia Kaskazini zote zina ј, ila ђ na ћ ni za Kiserbia, na ѓ na ќ ni za Kimasedonia. Bulgaria hujitambulisha kwa ъ iliyokaa kati ya konsonanti kama irabu, kama katika jina lake lenyewe, България. Kirusi nacho kina ъ, ila huiweka baada ya kiambishi awali na kabla ya irabu, kama katika подъезд.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba lugha si nchi. Belarusi iliidhinisha Kirusi kuwa lugha rasmi katika kura ya maoni ya 1995, na mjini Minsk unaweza kukuta duka lenye bango la Kirusi huku kibao cha mtaa kilicho juu yake kikiwa cha Kibelarusi. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kibao cha mtaa kiaminiwe kuliko bango la duka: mwenye duka huandika lugha ya wateja wake, na kibao huwekwa na mamlaka ya mji. Neno АПТЕКА, yaani duka la dawa, halikupi chochote, kwa kuwa linaandikwa vilevile Moscow, Kyiv na Sofia.

Tahadhari ya mwisho ni Kazakhstani, kwa kuwa Kikazaki kina herufi zote tatu, и, і na ы, na kanuni yangu hapo haifanyi kazi. Ukiziona pamoja, tafuta қ, ә au ұ. Hiyo ya mwisho, yenye mstari mdogo uliokatiza mguu wake, Wakirgizi na Wamongolia hawana, ingawa nao huandika ө na ү.